Soko la New York kwa Saa za Nairobi

Kwa mfanyakazi wa Nairobi, soko la hisa la Marekani hufunguliwa siku yake ya kazi ikielekea ukingoni. Kuanzia Machi hadi mwanzo wa Novemba, kengele ya New York hulia saa kumi na nusu alasiri kwa saa zetu, na soko hufungwa saa tano usiku. Miezi mingine ya mwaka ni saa kumi na moja na nusu jioni hadi saa sita usiku. Ukilinganisha na mwenye mshahara wa New York mwenyewe, ambaye soko hufunguliwa na kufungwa akiwa bado mezani kwa bosi wake, huyu wetu anaonekana amebahatika. Anatoka kazini, anakula, anafungua simu na soko bado liko wazi.

Ndiyo maana walimu, wahasibu, wauguzi na watu wa kompyuta wameanza kufungua akaunti kwa madalali wa ng'ambo na kununua opsheni za kampuni za Marekani. Wengi huanza kwa kujifunza michoro ya bei na majina ya mikakati. Kwa maoni yangu wameanzia mwisho. Mtu aliye mbali na soko, anayelipwa kwa shilingi, hachagui mkakati anaoutaka. Saa za soko na gharama ya kubadili fedha zimeshamchagulia sehemu kubwa, na asiyejua hilo hupoteza pesa hata pale anapokisia vizuri mwendo wa hisa.

Opsheni ni mkataba unaompa mnunuzi haki, bila kumlazimisha, ya kununua au kuuza hisa kwa bei iliyokubaliwa kabla ya tarehe fulani kupita. Haki ya kununua kwenye skrini huandikwa Call, na haki ya kuuza huandikwa Put. Mkataba mmoja husimamia hisa 100, kwa hiyo bei ya 1.80 unayoiona kwenye skrini ni dola 180 zinazotoka mfukoni. Mikataba hii ilianza kuuzwa katika soko rasmi mjini Chicago tarehe 26 Aprili 1973, kwa hisa za kampuni 16 na kwa haki ya kununua peke yake. Haki ya kuuza iliongezwa mwaka 1977. Anayenunua mkataba hapotezi zaidi ya alicholipa mradi asiutumie kuchukua hisa zenyewe. Anayeuuza hupokea malipo na kubeba wajibu, na wajibu huo unaweza kuwa mkubwa mara nyingi kuliko malipo aliyopokea. Hapa nitamfuata mnunuzi, kwa sababu anayeanza akiwa na akiba ya mshahara hana sababu ya kubeba wajibu usio na kikomo akiwa amelala.

Usichanganye opsheni hizi na zile programu za simu zinazokuambia ubashiri kama bei itapanda au kushuka ndani ya dakika tano. Hizo hazipiti katika soko lolote la hisa, na mara nyingi aliye upande wa pili wa dau lako ni mwenye programu yenyewe. Mamlaka ya Ulaya inayosimamia masoko ya mitaji, ESMA, ilipiga marufuku kuwauzia wananchi wa kawaida bidhaa za aina hiyo mwaka 2018. Dalali wa kweli wa Marekani unaweza kumtafuta kwa jina katika daftari la BrokerCheck linaloendeshwa na FINRA, shirika linalowasimamia madalali wa huko. Usipomkuta mahali pa kuandikishwa anapodai kuwepo, usimtumie hata senti.

Tuanze na saa. Wamarekani hubadilisha saa zao Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Sisi hatubadilishi. Matokeo yake ni kwamba Jumatatu moja ya Novemba mtu anafungua simu saa kumi na nusu kama kawaida, anakuta bei zimeganda, anadhani mtandao umeharibika. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba ratiba ya maisha yake yote ya soko imesogea saa nzima kuelekea usiku. Aliyezoea kumaliza saa tano sasa anamaliza saa sita, na kesho yake yuko kwenye matatu kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Saa nilizotaja tangu hapa ni za miezi ya Machi hadi Novemba, kwa hiyo miezi mingine ongeza saa moja.

Dakika za kwanza baada ya kufunguliwa ndizo zenye vurugu kuliko zote. Wanaotengeneza bei za opsheni bado hawajajua hisa yenyewe itatulia wapi, kwa hiyo hupanua pengo kati ya bei wanayonunulia, iliyoandikwa Bid, na bei wanayouzia, iliyoandikwa Ask. Mkataba ambao kwa kawaida una pengo la senti 20 unaweza kuwa na pengo la senti 60 saa kumi na nusu. Saa hiyo hiyo mfanyakazi wetu yuko ofisini, anachungulia simu chini ya meza huku akimaliza ripoti. Sioni wakati mbaya zaidi wa kununua au kuuza. Bei ni mbaya, akili haijatulia, na mwajiri analipia saa hizo. Walioajiriwa na benki, kampuni za ukaguzi wa hesabu au wasimamizi wa mifuko ya fedha waangalie pia mkataba wa ajira, kwa kuwa wengi wao hutakiwa kutangaza au kuombea kibali biashara zao za hisa.

Wakati mzuri upo, nao uko baada ya chakula cha jioni. Kati ya saa mbili na saa nne usiku, New York ni saa saba hadi saa tisa mchana. Vurugu za asubuhi zimeisha, heka heka za kufunga soko hazijaanza, na mapengo ya bei huwa yamepungua. Kazi yote inayohitajika kwa mtu anayefanya biashara chache inaweza kumalizika ndani ya nusu saa katika kipindi hicho. Siku za kuepuka ni zile ambazo benki kuu ya Marekani inatangaza uamuzi wa riba, kwa sababu tangazo hutoka saa tatu usiku kamili na bei huruka juu na chini mpaka mwenyekiti amalize kuzungumza na waandishi wa habari. Takwimu za ajira za kila mwezi hutoka saa tisa na nusu alasiri, saa nzima kabla ya soko kufunguliwa, na ndizo mara nyingi zinazoeleza kwa nini siku imeanza kwa kishindo.

Kuna jambo la saa ambalo wageni wengi hawalitambui mpaka liwapate. Hisa za Marekani huuzwa pia nje ya saa rasmi, tangu saa tano asubuhi kwa saa zetu hadi soko linapofunguliwa, na tena baada ya kufungwa hadi saa tisa usiku. Opsheni za kampuni haziuzwi saa hizo. Sasa kampuni nyingi hutangaza matokeo ya robo mwaka dakika chache baada ya soko kufungwa, yaani saa tano na dakika kadhaa usiku wetu. Tuseme hisa iliyokuwa dola 50 inateremka hadi 45.50 baada ya tangazo. Mwenye Call ya bei ya mkataba 50 anaamka asubuhi na kuiona hasara, anakwenda nayo kazini, anashinda nayo siku nzima, na hawezi kuuza mpaka saa kumi na nusu. Mkataba alionunua kwa 1.80 unafunguliwa ukiwa na Bid ya senti 20 au 30.

Na kama aliweka oda ya kuuza bei ikishuka hadi senti 90 ili kuzuia hasara, oda hiyo haitamwokoa. Oda ya namna hiyo ikiguswa hugeuka kuwa oda ya kuuza kwa bei yoyote iliyopo, na iliyopo ni hiyo ya senti 20, katika dakika zile mbaya za mwanzo. Ajabu ni kwamba hata hisa ikipanda baada ya matokeo, mkataba unaweza kushuka. Kabla ya tangazo wanunuzi huwa wanalipia ule wasiwasi wa kutojua, na tangazo likitoka malipo hayo huyeyuka usiku mmoja. Kwa mtu aliye mbali, dawa ni moja tu: kujua tarehe ya matokeo kabla ya kununua, na kuwa nje siku hiyo.

Tugeukie shilingi, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi hupotea kimya kimya. Kenya iliondoa udhibiti wa fedha za kigeni katikati ya miaka ya 1990, kwa hiyo mkazi wa Nairobi anaweza kununua dola benki na kuzituma kwa dalali. Nchi jirani zina kanuni zao kuhusu raia kuwekeza nje, na msomaji wa Dar es Salaam au Bujumbura aanze kwa kuiuliza benki yake kabla ya kufika kwa dalali.

Chukua mhasibu anayeweza kuweka akiba shilingi 15,000 kila mwezi. Nitatumia bei za mfano, na kila mtu aweke za benki yake. Bei ya katikati ya dola ni shilingi 129. Benki inauza dola kwa 131 na kununua kwa 127. Kutuma fedha ng'ambo kunagharimu shilingi 2,600, na benki ya kati inayopitisha fedha huko njiani inakata dola 15 nyingine ambazo mtumaji haoni mpaka ziwe zimekatwa. Akituma shilingi 15,000 kila mwezi, ada ya benki inabakiza 12,400, ambazo kwa 131 ni dola 94.66. Ondoa 15 za njiani, dalali anapokea dola 79.66. Kwa bei ya katikati shilingi zile zilistahili dola 116. Karibu thuluthi moja imeisha kabla hajaona skrini ya soko.

Sasa aweke pesa hizo hizo nyumbani mwaka mzima, kisha atume shilingi 180,000 kwa mara moja. Ada ni ile ile ya 2,600 na dola 15. Dalali anapokea dola 1,339. Gharama imeshuka hadi asilimia 4 hivi. Kwa kutuma kila mwezi angekuwa na dola 956 tu mwisho wa mwaka. Tofauti ya dola 383 haikutokana na ujuzi wowote wa soko. Imetokana na kusubiri, na akiba ikisubiri katika mfuko wa fedha unaotoa riba hapa nyumbani, kusubiri kwenyewe kunalipa.

Safari ya kurudi nayo ina gharama yake. Dola 1,339 zikirejea bila kufanya biashara yoyote, benki itazinunua kwa 127, na baada ya ada ya kupokea ya takriban shilingi 1,000 mhasibu ana shilingi 169,000 hivi. Kwenda na kurudi kumemla shilingi 11,000, yaani asilimia 6 ya alichotuma. Hiyo ndiyo namba ninayomwomba kila mtu aijue kwanza, kwa sababu ndiyo sifuri yake halisi. Faida yoyote iliyo chini ya hapo ni hasara iliyoandikwa kwa dola.

Zaidi ya ada, bei ya dola yenyewe huyumba. Mwishoni mwa Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160, na watu wengi walinunua dola kwa hofu kwamba itafika 200. Februari serikali ya Kenya ikauza hati mpya ya mkopo ya dola bilioni 1.5 na kununua nayo sehemu kubwa ya ile ya bilioni 2 iliyokuwa ikiiva Juni. Wasiwasi kwamba nchi itashindwa kulipa ukapungua, na kufikia Aprili dola ilikuwa karibu 130. Aliyebadili shilingi 160,000 Januari alipata dola 1,000. Miezi mitatu baadaye dola hizo 1,000 zilikuwa shilingi 130,000. Ili kurudi alipoanzia angehitaji kupata faida ya asilimia 23 kwenye soko, na hiyo ni kabla ya ada za benki. Mwendo huu unaweza pia kukupendelea, shilingi ikianguka. Lakini usijidanganye kwamba ni faida ya opsheni.

Ninachokiona kuwa cha busara ni kuzitenga dola na maisha ya shilingi. Pesa iliyovuka ikae huko, ifanye kazi kwa dola miaka kadhaa, isirudishwe kila baada ya ushindi mdogo. Karo, kodi ya nyumba na dharura za familia zisitegemee akaunti hiyo hata kidogo. Mtu anayelazimika kurudisha dola 200 kwa sababu mtoto amefukuzwa shule anauza mkataba wakati usiofaa, halafu analipa njia ya kurudi kwa kiasi kidogo, ambayo ndiyo ghali kuliko zote.

Tuingie sasa kwenye biashara yenyewe. Mhasibu wetu ana dola 1,339. Ameichagua kampuni kubwa isiyo na misukosuko, ambayo hisa yake ni dola 50, na anaamini itapanda. Anafungua orodha ya mikataba na kuchagua Call ya bei ya mkataba 50 iliyobakiza siku 90. Bid ni 1.70 na Ask ni 1.90. Akibonyeza kununua kwa bei ya soko atalipa 1.90, na siku ya kuuza atapewa Bid. Kwenda na kurudi, pengo hilo la senti 20 ni dola 20 kwa mkataba mmoja. Ada ya dalali, ambayo kwa madalali wengi ni senti 65 kila upande, ni dola 1.30 tu. Watu hulinganisha madalali kwa ajili ya hizo senti 65 na kuusahau mto unaopita pembeni. Kwa hiyo anaweka oda ya kikomo, ile inayoandikwa LMT, kwa 1.80, na anasubiri. Oda isipopata mwenyewe usiku huo, ajaribu kesho. Mfanyakazi mwenye mshahara hana haraka, na hiyo ni nguvu yake ya kweli sokoni.

Kwa nini siku 90, wakati mikataba ya wiki moja ni rahisi zaidi? Kwa sababu sehemu ya bei ya opsheni ni bei ya muda, na muda hauliki sawasawa. Mkataba ambao bei yake ya mkataba iko sawa na bei ya hisa hupungua takriban kwa kipeuo cha pili cha siku zilizobaki. Hisa ikibaki dola 50 bila kusogea, mkataba wa 1.80 ukibakiza siku 30 utakuwa karibu 1.04. Siku 60 za mwanzo zimekula senti 76. Siku 30 za mwisho zitakula dola 1.04 yote iliyosalia. Mkataba wa wiki moja uko ndani ya kipindi hicho cha mwisho tangu unapozaliwa. Unahitaji mtu aliyekaa mbele ya skrini, awezaye kutoka ndani ya dakika, na mtu huyo si mwalimu wa kidato cha tatu aliye darasani saa kumi na nusu. Mkataba mrefu unavumilia uione bei mara moja tu kwa usiku.

Mara tu oda ya kununua inapokamilika, anaweka oda ya kuuza kwa 2.70 na kuipa alama ya GTC, inayoiacha hai hadi ijazwe au yeye aiondoe, au mpaka dalali aifute muda wake ukipita. Oda hiyo inamfanyia kazi akiwa kwenye kikao au amelala. Kwa upande wa hasara haweki oda ya kujiendesha, kwa sababu tulizoziona. Anaweka ahadi kwenye daftari kwamba mkataba ukiwa na thamani ya chini ya senti 90 katika ukaguzi wake wa saa mbili usiku, atauuza kwa oda ya kikomo usiku huo huo. Na siku zikibaki 30, anauza kwa vyovyote vile, kuwe na faida au hasara.

Daftari lenyewe si jambo la mapambo. Ukurasa mmoja unaweza kusomeka hivi: “Jumanne, saa mbili na robo usiku. Nimenunua Call 1, bei ya mkataba 50, siku 90. Bid 1.70, Ask 1.90, nimepata 1.80. Sababu: mauzo yamekua robo tatu mfululizo na hisa haijapanda. Matokeo yanatoka baada ya wiki sita, nitakuwa nje kabla. Natoka kwa 2.70, au chini ya 0.90, au zikibaki siku 30. Dola leo 129.” Ukurasa huu uandikwe kabla ya kununua. Ukiandikwa baadaye huwa ni utetezi.

Tuseme wiki nne zimepita, hisa imepanda, na oda ya 2.70 imejazwa. Faida ni dola 90, ukiondoa ada ya dalali ni dola 88.70. Amepata karibu nusu ya alichoweka ndani ya mwezi, jambo ambalo wengi wangelipigia kelele. Rudi sasa kwenye ile sifuri halisi. Kwenda na kurudi kwa fedha kulimgharimu shilingi 11,000, ambazo kwa bei ya benki ya 127 ni karibu dola 87. Ushindi huu mzuri umelipa nauli ya pesa zake peke yake. Faida inaanza na mkataba wa pili unaoshinda, na kati ya hapo kutakuwa na inayopotea. Ndiyo sababu sipendi kumwona mtu anaingia na dola 300. Hata kwa dola 1,339 mkataba mmoja wa dola 180 ni asilimia 13 ya akaunti, kwa hiyo mikataba miwili kwa wakati mmoja inatosha kabisa, na zinazobaki zikae bila kuguswa.

Hatari ya mwisho iko katika Ijumaa ya kuisha kwa mkataba. Huko Marekani shirika linalosimamia malipo ya opsheni zote, OCC, hutekeleza lenyewe mkataba wowote ulio na thamani ya hata senti moja mwishoni, isipokuwa mwenyewe akiagiza vingine. Hisa ikifunga kwa 50.40, Call ya 50 inatekelezwa, na mhasibu anatakiwa kulipia hisa 100 kwa dola 50 kila moja, yaani dola 5,000, naye ana 1,339. Madalali wengi huliona hilo mapema na kumuuzia mkataba kwa nguvu saa chache kabla ya kufunga, kwa bei yoyote. Asiyeuziwa anaweza kuamka Jumamosi akiwa na hisa asizoweza kulipia, na hawezi kuziuza mpaka Jumatatu, huku bei ikiwa imeachwa wazi kwa habari zote za mwisho wa wiki. Muda wa kutoa maagizo ya kutotekeleza huisha saa sita na nusu usiku kwa saa zetu, na madalali wengi huufunga mapema zaidi. Anayetoka zikibaki siku 30 hakutani kamwe na usiku huo.

Kwa kodi, dalali atakutaka ujaze fomu ya W-8BEN kuthibitisha kwamba wewe si Mmarekani. Hudumu hadi mwisho wa mwaka wa tatu baada ya ule ulioisaini, na isipohuishwa makato yanaweza kuongezeka. Kenya na Tanzania hazina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo gawio la hisa hukatwa asilimia 30 huko huko. Opsheni hazina gawio, na faida ya kuziuza kwa kawaida haikatwi huko kwa mtu asiye mkazi. Hilo halimaanishi kwamba huna la kutangaza hapa nyumbani, na swali hilo mpelekee mtaalamu wa kodi ukiwa na taarifa za mwaka kutoka kwa dalali.

Kwa mwenye mshahara wa Afrika Mashariki, basi, opsheni za Marekani zinalipa kwa mtu mwenye akiba ya mwaka mzima ambayo haina kazi nyingine, anayetuma kwa mkupuo, ananunua muda mrefu na kukaa mbele ya skrini nusu saa baada ya chakula. Kabla ya kutuma shilingi ya kwanza, ipigie benki yako simu uulize mambo matatu: wanauza dola kwa bei gani leo, wananunua kwa bei gani leo, na benki ya kati hukata kiasi gani. Piga hesabu ya kwenda na kurudi kwa kiasi ulicho nacho. Ikizidi asilimia 10, usitume. Endelea kuweka akiba hapa nyumbani mpaka kiasi kikue.